Umeshathibitisha harusi, sasa unachomoa: meseji ipi haitamuumiza mwenye shughuli?

Agosti huku Arusha sisi madereva wa watalii hatuna Jumamosi. Nyumbu wanavuka mto Mara kule Kogatende, wageni wanashuka KIA kila siku, na bosi akikupigia jioni kwamba kuna gari ya siku saba inaondoka Jumatano ijayo na imepangwa kwa jina lako, huwezi kumjibu eti una harusi Moshi. Ndo ilivyonikuta. Nilikuwa nimeshathibitisha, kadi dabo mimi na mke wangu, namba 114, na mwenye shughuli ni mama mmoja wa pale Soweto Moshi ambaye nilipanga kwake miaka minne wakati najifunza ufundi gereji, mwisho wa mwezi hela ikikata alikuwa ananiita jikoni nakula na watoto wake na hajawahi kunidai hata siku moja. Sasa kijana wake wa pili anaoa, Jumamosi ya tarehe 16, na bosi kanipigia Jumatatu ya tarehe 4. Siku kumi na mbili.

Nikakaa na simu mkononi kama nusu saa naandika nafuta, naandika nafuta, mpaka mke wangu akaniuliza kwani unamwandikia waziri?

Ukweli ni kwamba kukataa mwaliko tangu mwanzo ni rahisi, unasema hongereni sana sitakuwepo, imeisha. Ngumu ni kuchomoa ukiwa umeshasema ndio, maana mwenzio ameshakuhesabu. Huku kwetu nimeona watu wanatumia njia nne: meseji fupi bila sababu, meseji yenye sababu nzima, simu kwanza alafu meseji, na kumtuma mtu wa kati. Zote nimeshazitumia au nimeshatumiwa nikiwa upande wa kamati, kwahiyo nazipanga hapa uone ipi inaendana na shida yako.

Kwanza vya kupimia

Cha kwanza ni sahani. Ukishapewa kadi na ukathibitisha, wewe sio jina tena, ni sahani na kiti na soda mbili. Kamati nilizokaa mimi, hesabu ya mwisho inapelekwa kwa mpishi kwenye kikao cha mwisho, siku nne au tano kabla ya shughuli. Ukijitoa kabla ya kikao hicho katibu anakata jina lako kwa kalamu na maisha yanaendelea. Ukijitoa baada ya hapo hela imeshaenda. Kamati yetu ya mwisho tulikubaliana na mpishi 25,000 kwa sahani, kwahiyo mtu wa kadi dabo asipofika ni elfu hamsini ya watu wengine imekaa pale mezani inapoa.

Cha pili, je atakutafuta kwa macho? Harusi ya watu mia tatu kuna mgeni ambaye asipokuja hakuna atakayejua mpaka siku ya kuangalia picha, na kuna yule ambaye mama akiingia tu ukumbini anageuza shingo kuangalia meza yake. Wewe mwenyewe unajua uko wapi hapo, usijidanganye kwa kujishusha ili iwe rahisi kuchomoa.

Cha tatu, umebeba nini? Hapa nasema mchango, na nasema pia kazi. Kama gari yako ipo kwenye msafara, au ulipangiwa kuwatoa wazee Rombo, au wewe ndo wa kusoma zawadi za upande wa marafiki, basi hujitoi peke yako, unatoka na kazi ambayo mtu mwingine lazima aipokee.

Cha nne ndo nakiangalia kuliko vyote: akishasoma meseji yako, anabaki na kazi gani? Nimekaa kamati tatu na sijawahi kusikia mwenye shughuli ananung'unika kwamba fulani hajaja tu basi. Wananung'unika hivi, kaniandikia amepata dharura, sasa nimuulize dharura gani au ninyamaze, kadi yake nimpe mtu au bado atatokea, na mke wake je? Meseji inayomwachia maswali matatu wiki ya harusi, wakati ana deni la mapambo na shangazi kanuna kuhusu sare, hiyo ndo inayoleta uadui.

Njia ya 1: Meseji fupi, bila sababu

Inaandikwa hivi:

"Habari za siku kaka, na hongereni kwa maandalizi. Niwie radhi, nilithibitisha kuja kwenye harusi tarehe 16 lakini nimepata udhuru na sitoweza kufika. Kadi yangu ni namba 87, ya mtu mmoja, naomba muone wa kumpa. Mungu awatangulie siku hiyo iende vizuri."

Uzuri wake hakuna uongo ndani, na kazi anayobaki nayo ni moja tu, kumpa mtu kadi. Kama zimebaki wiki mbili na wewe ni mfanyakazi mwenzake au mlikutana kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, hii inatosha kabisa, na ukiongeza maelezo unamchosha bure.

Angalia neno "udhuru" limefanya kazi gani hapo. Linasema kuna kitu kimenizuia na sitaki kukitaja, na watu wazima wanaliheshimu. Neno "dharura" ni habari nyingine. Dharura ni kitu cha haraka, mtu akilisoma anashtuka, anapiga simu kuuliza kuna nini, na siku hizi limetumika vibaya mpaka wengine wakiliona wanacheka, wanajua huyu kalala. Naongea kwa uchungu kidogo hapa. Miaka mitatu iliyopita rafiki yangu wa Njiro alikuwa anaoa, nimerudi kutoka porini Ijumaa usiku nimechoka hoi, Jumamosi saa nne asubuhi nikamwandikia "kaka nimepata dharura, tutaongea." Nikalala. Jioni wenzangu wakanitoa tukaenda kula kitimoto Sakina, mmoja akapiga picha akaweka stetasi, na dada wa bwana harusi anayo namba ya huyo mmoja. Kumbe kadi yangu ilikuwa dabo na meza niliyopangiwa ilikuwa inapakana na ya baba mkwe, viti viwili vitupu usiku kucha vimevaa vitambaa vyao. Yule bwana hajawahi kunigombeza. Ila tangu siku ile tukikutana ananiita mheshimiwa. "Karibu mheshimiwa." Miaka mitatu, hajawahi kuniita jina langu tena.

Kwahiyo hii njia inaumiza pale mtu alipotegemea zaidi kutoka kwako. Kwa mtu wa mbali ufupi ni heshima, kwa mtu wa karibu unasikika kama hujali.

Njia ya 2: Meseji yenye sababu nzima

"Dada shikamoo, poleni na maandalizi. Nina jambo la kukueleza. Mtoto amepata nafasi ya upasuaji wa nyama za pua Ijumaa tarehe 15, tumeisubiri tangu mwezi wa nne, na akitoka lazima nikae naye. Kwahiyo mimi na shemeji yako hatutoweza kufika Jumamosi. Kadi yetu ni namba 52, dabo, tunairudisha muwape wengine. Mchango tumeshaukamilisha kwa mweka hazina leo. Tutakuja kuwaona maharusi mtoto akipata nafuu. Utusamehe dada."

Hii inafanya kile ambacho ile ya kwanza haiwezi, inafunga swali. Akimaliza kusoma hana cha kuuliza zaidi ya kukupa pole. Inawafaa ndugu, marafiki wa shule, majirani mlioazimana chumvi, yaani watu ambao wakiona umekaa kimya kuhusu sababu watajitungia ya kwao.

Sababu iwe moja. Hapo watu wengi wanakosea, mtu anaandika mtoto anaumwa na gari imeharibika na kazini pia kuna ukaguzi, sasa msomaji anaona wazi unatafuta. Sababu moja ya kweli, sentensi moja au mbili, basi.

Na sababu hazina uzito sawa, lazima tuseme ukweli. Msiba na ugonjwa hakuna anayehoji. Mtihani watu wanaelewa. Kazi inategemea unamwambia nani, kwa mtu wa Arusha mjini ukimwambia gari imetoka anajua msimu ndo huu, ukikosa sasa unakula nini Aprili mvua ikinyesha, ila mzee wa Marangu anaweza kusikia kitu kimoja tu, kwamba umechagua hela. Kwahiyo usiandike "nimepata kazi nzuri," andika "ofisi imenipangia safari kuanzia tarehe 13 mpaka 19 na sina wa kubadilishana naye." Kama kweli huna. Kama yupo wa kubadilishana naye na hujamuuliza, kamuulize kwanza.

Ngumu kuliko zote ni harusi nyingine siku hiyohiyo, na huku kwetu inatokea sana kwasababu Kwaresma makanisa mengi hayafungishi ndoa, Pasaka ikipita Jumamosi zinajaa, alafu Desemba Wachagga wanarudi nyumbani na kila mtu anataka kuoa wakati ukoo upo. Kama ulithibitisha kwa huyu kwanza na baadae ukapata kadi ya pili, kupendelea ile ya pili sio sababu, utaonekana umepima ukumbi upi una ndafu kubwa. Inakubalika pale tu una nafasi huko ambayo haina mbadala, "mtoto wa marehemu kaka anaolewa na mimi ndo nasimama kama baba yake." Hapo hakuna mtu atakununia.

Hatari ya njia hii ni kwamba meseji haibaki kwake. Ataifowadi. Mama mwenye shughuli hahesabu kadi yeye, anamfowadia katibu, katibu anaitupa kwenye grupu la kamati lenye watu sitini, na ile habari ya ndani ya nyumba yako uliyomwandikia dada yako usiku sasa inasomwa na fundi wa mapambo. Mimba iliyoharibika, kesi, hela imeisha, ugomvi wa ndani, hivyo usiviandike hata kama ndo ukweli wenyewe.

Njia ya 3: Simu kwanza, alafu meseji

Hii ndo niliyotumia kwa mama wa Soweto, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Mantiki yake ni kugawa vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Sababu inaenda sikioni, hesabu inaenda kwenye maandishi. Kwenye simu unaeleza, anasikia sauti yako, anakuuliza, anakulaumu kama anataka kukulaumu. Meseji inayofuata ni ya katibu, ina jina na namba ya kadi na idadi ya watu, ikifowadiwa hakuna siri inayotoka na hakuna mtu anayeaibika.

Kabla ya simu nilifanya kitu kimoja. Ahadi yangu ilikuwa laki moja na nusu, nilikuwa nimetoa laki. Ile hamsini niliituma kwa mweka hazina kwanza, nikasubiri jibu la "imepokelewa," ndo nikampigia mama. Huo mpangilio sio wa bure. Ukileta udhuru wakati ahadi bado inaning'inia, mtu hata akikupenda vipi kuna sauti itamwambia anakimbia mchango. Na ukishalipa usije ukalitaja kwa kujitetea, ile ya "mchango wangu si nilishatoa" ni kumwambia mtu kwamba mmemalizana. Kwenye simu sikuutaja kabisa, katibu anajua.

Nilipiga Jumanne saa moja kasoro jioni. Jumapili mchana sipigi maana ndo muda wa kikao, na simu ya udhuru ikipokelewa katikati ya kikao inawekwa spika. Usiku wa saa tatu pia sipigi, kwa umri wake simu ya saa hiyo ni ya kutisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama, huku wote wazima kabisa. Nina neno moja, nikaona ulisikie kwangu."

Hiyo "wote wazima" niliitanguliza makusudi. Mara ya kwanza kumpigia mtu mzima simu ya namna hii niliingia na sauti ya chini, taratibu, kumbe upande wa pili mtu ameshashika kifua anauliza nani amekufa. Ukishamtisha hivyo, alafu ukamwambia ni udhuru wa harusi tu, anapata ahueni sekunde mbili na baada ya hapo anakasirika.

Nikamwambia ofisi imenipangia safari kuanzia Jumatano tarehe 13, narudi tarehe 19, nimejaribu kwa madereva wawili wabadilishane na mimi wote wana wageni. Hiyo ni kweli, niliwapigia. Nikamwambia Jumamosi nitakuwa Kogatende, sitoweza kusimama na yeye siku hiyo na inaniuma. Nikanyamaza. Hapo ndo pagumu, mtu anataka kuongea ongea kujaza ule ukimya, usijaze. Akakaa kimya na yeye, nasikia sufuria huko nyuma, alafu akasema:

"Sasa nani atakaa na mjomba wangu wa Rombo? Yule hasikii, na wewe ndo unamwezaga."

Hakuuliza chochote kuhusu safari. Alishahamia kwenye meza. Nikamwambia mke wangu anakuja kama kawaida, atakaa na mjomba, ila kiti changu nakiachia, umpange unayemtaka. Na hapa kuna kosa nataka ulione vizuri. Nilikuwa na mdogo wangu ambaye angeenda kwa furaha zote, na ilinijia kusema "nitamtuma mdogo wangu." Sikusema. Kadi ina jina, kiti ni cha mwenye shughuli, na pengine ana ndugu watano aliowanyima kadi kwasababu nafasi zimeisha. Ukimjazia kiti bila kuulizwa umemchagulia mgeni. Ukimrudishia kiti, anaamua yeye. Mama akafikiria kidogo akasema basi mlete mdogo wako yule mrefu, atasaidia kubeba vinywaji. Sawa, hapo imetoka kwake.

Dakika kumi baadae nikatuma hii:

"Shikamoo mama, asante kwa kunipokelea udhuru wangu. Kwa ajili ya katibu: kadi namba 114, dabo. Mke wangu atafika. Mimi sitofika, nafasi yangu ataingia mdogo wangu kama ulivyosema. Idadi inabaki watu wawili. Nawaombea heri, nikirudi nakuja nyumbani kuwaona maharusi."

Baada ya dakika chache tiki zikawa bluu, alafu ikaja "Asante mwanangu safari njema," na jioni ileile katibu akanitumia dole gumba, yaani imeshafowadiwa na imeshaingia kwenye daftari. Hakuna mtu aliyenipigia tena.

Kitu kilichobaki ni siku yenyewe. Porini mtandao ni wa kubahatisha kwahiyo salamu nilizituma mapema, mstari mmoja, nikiwa bado kwenye mtandao. Sikupiga Jumamosi, siku ya harusi mama yupo saluni au amezungukwa na wakwe, ukipiga unamtafutia kazi. Na sikuweka picha ya nyumbu stetasi mpaka Jumatatu. Utasema si alijua nipo porini, ndio alijua, ila kujua na kuona mtu amekaa juu ya gari anacheka wakati wewe unamaliza deni la ukumbi ni vitu viwili tofauti.

Ubaya wa njia hii? Inataka ujasiri, na kuna watu simu inawaponza. Mwenye shughuli akiwa mtu wa kubembeleza atakubembeleza, na wewe ukiwa mtu wa kushindwa kusema hapana utaishia na "basi nitajitahidi mama." Hilo neno ni baya kuliko kutokusema kitu. "Nitajitahidi" kwa katibu maana yake sahani inabaki, kiti kinabaki, na wewe haupo. Kama unajijua hivyo, andika meseji kwanza na mwisho wake weka "nitakupigia jioni," ukija kupiga jambo limeshasemwa.

Voisi noti nimeona wengine wanatumia katikati ya simu na meseji, mimi siipendi. Dakika mbili za kujieleza ambazo hawezi kukukatiza, alafu inachezwa kwenye kikao kwa sauti.

Njia ya 4: Kumtuma mtu wa kati

Wengine wanaiona ni ya uoga ila kuna watu ambao hii ndo adabu yenyewe. Mwenye shughuli ni mkweo. Au ni mzee wa ukoo ambaye hata mwaliko hukupewa na yeye, uliletewa na kaka mkubwa, basi na udhuru unarudi njia ileile. Kwa mkwe unapitia kwa shemeji au kwa mwenzi wako, anaingia ndani anaongea na wao kwa lugha yao, na mara nyingi anakusemea vizuri kuliko ungejisemea.

Kazi anayobaki nayo mwenye shughuli ni ndogo sana, maana aliyetumwa anajibu maswali hapohapo. Tatizo ni yule mjumbe. Meseji inabadilika njiani, wewe umesema mke hajisikii vizuri, ikifika imekuwa mke kagoma. Au anasahau kabisa, ndo kawaida, na wewe unatembea ukijua umeshatoa taarifa. Kwahiyo siku ya pili tuma mstari wako mwenyewe: "Shikamoo baba, nimemtuma kaka alete udhuru wangu kuhusu Jumamosi, naomba unipokelee. Kadi namba 31, mtu mmoja." Hutaji sababu, imeshafika kwa mdomo. Ukijibiwa "kaka gani?" angalau umejua mapema.

Kwa mtu wa rika lako usimtume mtu. Rafiki akiletewa udhuru wako na rafiki mwingine anajiuliza kwani yeye na mimi hatuna namba?

Sasa wewe upo wapi

Zimebaki zaidi ya wiki, mtu ni wa mbali, kadi ya mtu mmoja: tuma ile fupi na usizidishe, ukiweka namba ya kadi umemaliza.

Ni ndugu au rafiki na sababu yako inaweza kusomwa na kamati nzima bila wewe kuona aibu, andika ile ya sababu nzima. Kama sababu ni ya ndani, usiipunguze kwa uongo, nenda kwenye simu useme "mama kuna jambo la nyumbani siwezi kuliandika," wengi hawaulizi zaidi ya hapo, na maandishi yabaki ya hesabu tu.

Amekulea, amekusomesha, amekusimamia ndoa, au una kazi siku hiyo kama gari ya msafara: simu, na kabla hujapiga uwe umeshampata wa kushika ile kazi, umuulize kama yuko tayari, alafu ukiongea na mwenye shughuli umtaje kama pendekezo. Gari hasa. Msafara wa kutoka Kibosho kwenda ukumbini ukikosa gari moja wazee wanapanda nyuma ya pikapu.

Hela ya ahadi huna na ndo sababu halisi ya kuchomoa, hii ipo sana na watu hawaisemi. Hapa usijifiche kwenye udhuru. Mpigie mweka hazina, sio mwenye shughuli, mwambie nimeahidi laki nina elfu arobaini, nitamalizia mwisho wa mwezi, je nije? Kamati nilizokaa hatujawahi kumzuia mtu wa namna hiyo mlangoni, na mara nyingine ukimuuliza hivyo hata kujitoa hakuhitajiki tena.

Ni siku yenyewe, kitu cha kweli kimetokea, upo Usa River na mtoto anatapika na ibada inaanza saa nane: usimpigie mwenye shughuli wala bibi harusi, simu zao zipo kwenye pochi ya mtu mwingine. Mpigie katibu, au yule kijana anayeskani kadi mlangoni kama una namba yake, umwambie namba ya kadi haiji, kiti wampe mtu aliyesimama. Mwenye shughuli unamwandikia Jumapili jioni akishavua viatu.